Kusoma ramani ya maji taka ya nyumba: trapu, bomba la hewa na mteremko

*"Habari mhandisi. Najenga nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni, ya chini tu, haina ghorofa. Nimepewa ramani ya maji taka, nakala nimeambatisha. Ina mistari ya vipande-vipande, herufi kama FT, GT, IC na SVP, na maandishi ya 110 @ 1:60. Fundi bomba anasema lile bomba la hewa linalopanda juu ya bati ni urembo tu, na kwamba mteremko kadiri unavyokuwa mkali ndivyo salama zaidi. Naisomaje ramani hii, na kila kitu kimewekwa kwa sababu gani?"*

Habari nzuri, dada. Ramani nimeipitia yote. Imechorwa na mtu anayejua kazi yake, kwa hiyo nikuombe kwanza usimruhusu fundi kuruka kitu chochote mpaka umalize kusoma hapa.

Watu wengi wakiishika ramani ya maji taka huanza kufuata maji yanakokwenda. Wewe anza na yale yasiyokwenda. Ukivuta maji chooni, mengi huondoka, lakini kiasi fulani hubaki kwenye lile pindo la chini. Kina cha maji hayo, yale yanayoziba njia hasa, ni kama milimita 50. Upande mmoja wa maji hayo ni bafu lako, upande wa pili ni bomba lililo wazi moja kwa moja hadi kwenye tangi la septiki, lenye gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, mende na nzi. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni sentimita tano za maji, basi. Mlango mwingine hakuna. Pindo hilo ndilo trapu, na si jambo jipya: Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, alilisajili kwenye choo chake mwaka 1775, na vyoo tunavyonunua Kariakoo leo vinatumia kanuni ileile.

Ukishalijua hilo, ramani yote inakuwa na swali moja. Kila mstari, kila herufi na kila namba ipo ama kupeleka uchafu, ama kuhakikisha uchafu unapopita hauondoki na zile sentimita tano za maji. Bomba la hewa na mteremko vyote viwili vinafanya kazi hiyo ya pili zaidi ya mafundi wengi wanavyodhani.

Sasa tuishike karatasi. Kwenye kona ya chini kulia kuna kijisanduku cha alama. Anzia hapo siku zote, kwa sababu kila mchoraji ana mazoea yake. Kwenye ramani yako mistari mizima ni maji safi, usiiangalie kwa leo. Mistari ya vipande ni maji taka, na mishale midogo inaonyesha yanakoelekea. WC ni choo, WHB ni sinki la kunawia mikono, FT ni trapu ya sakafuni, ile yenye kichujio katikati ya bafu. GT ni gali trapu, iko nje ya ukuta wa jiko. IC ni chemba, ST ni tangi la septiki. SVP ni lile bomba la hewa mnalobishania na fundi. Namba 110 ni kipenyo cha bomba kwa milimita, lile ambalo dukani unaliomba kama bomba la inchi nne. 1:60 maana yake kila mita 60 za urefu bomba linashuka mita moja, au kwa kipimo cha kutumia saiti, kila mita moja linashuka milimita 17 hivi.

Weka kidole kwenye choo cha chumba kikubwa, WC1. Hicho ndicho kichwa cha mfumo wako, sehemu ya juu kabisa na ya mbali kabisa na tangi. Utaona kiduara kidogo kwenye kona ya ukuta nyuma ya choo, kimeandikwa SVP 110. Kiduara kwenye ramani ya kutazama kutoka juu ni bomba lililosimama wima. Choo kinaingia chini ya bomba hilo, na kutoka hapo linatoka bomba la 110 kwenda chemba ya kwanza, IC1, umbali wa mita 2.4. Upande wa pili wa ukuta uleule kuna sinki la kunawia mikono la sebule ya kulia chakula. Bomba lake la 40 linatambaa ndani ya ukuta mita 1.5 na kuingia kwenye SVP, juu kidogo ya sakafu. Sinki la bafuni lenyewe linapeleka maji kwenye FT.

Kwa nini lipande bomba juu ya bati? Chukua dumu la lita 20 lililojaa, lipindue mdomo chini. Maji hayatoki kwa mkondo. Yanatoka kwa kukatika-katika, kwa sababu kila fungu la maji linalotoka linadai hewa iingie badala yake, na mlango ni mmoja. Bomba la choo nalo linadai hivyohivyo. Lita sita au tisa zikishuka kwa mkupuo, mbele zinasukuma hewa na nyuma zinaiacha nafasi tupu. Nafasi hiyo lazima ijazwe. Kama kuna bomba lililo wazi juu ya paa, hewa itaingia kwa huko kimyakimya. Kama halipo, hewa itatafuta njia iliyo nyepesi zaidi, na njia hiyo ni trapu iliyo karibu. Itayavuta yale maji, ipite katikati yake ikibubujika, na mara nyingi itaondoka na sehemu yake.

Nguvu inayotosha kuharibu ni ndogo ajabu. Maji ya kina cha milimita 50 yanashindwa na tofauti ya mgandamizo wa pascal 490 tu, yaani chini ya sehemu moja kwa mia ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ndiyo maana wasanifu hawaruhusu mvuto ufike hata huko. Utaratibu wa Kiingereza, ambao wahandisi wengi wa kwetu wamesomea, huweka kikomo cha pascal 375, ili baada ya purukushani zote trapu ibaki na angalau milimita 25 za maji. Bomba la hewa ndilo linaloshikilia kikomo hicho.

Lina kazi ya pili ambayo fundi wako hakuitaja. Tangi la septiki linazalisha gesi usiku na mchana, hata nyumba ikiwa imelala. Kutoka tangi hadi kichwa cha mfumo wako hakuna trapu yoyote kwenye bomba kuu. Mchoraji ameliacha wazi makusudi, ili gesi irudi kupitia chemba hadi SVP na itokee juu ya paa ambako hakuna pua ya mtu. Ukiliondoa SVP, gesi hiyo haitoweki. Itakusanyika na kusukuma trapu iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni ile ya sakafuni ya bafu lisilotumika sana.

Nimtendee haki fundi. Ana hoja nusu. Angalia WC2, choo cha korido: hakina kiduara cha SVP, kinaingia moja kwa moja kwenye chemba IC2 kwa bomba la mita 3. Mchoraji hakusahau. Choo cha chini kinaweza kuunganishwa bila bomba lake la hewa ikiwa tawi lake ni fupi, lisizidi mita 6, na ikiwa kimo kutoka juu ya pindo la choo hadi chini ya bomba kwenye chemba hakizidi mita 1.3. Chako kina takriban mita moja. Maji hayashuki kwa kishindo cha kutosha kuvuta trapu, na hewa choo kinaipata kutoka kwenye bomba kuu lililo wazi upande wa juu. Lakini ruhusa hiyo yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba kichwa cha mfumo kina SVP. Fundi ameona vyoo vingi vya chini visivyo na bomba la hewa vikifanya kazi, akahitimisha kwamba bomba la hewa halina kazi. Alichokuwa anakiona ni vyoo vinavyopumua kwa bomba la jirani.

Wakati wa kulijenga, lipite juu ya bati na mdomo wake uwe angalau sentimita 90 juu ya dirisha au tundu lolote lililo ndani ya mita 3 kutoka hapo. Juu weka kofia yenye wavu, ndege wasijenge kiota. Usikubali lizibwe kwa kifuniko, na usikubali lipunguzwe liishie ndani ya dari. Hilo la kuishia darini nimelikuta kwenye nyumba za watu zaidi ya mara moja, na wenyewe wamekuwa wakihangaika na harufu ya chumbani wasijue inashuka kutoka juu.

Twende kwenye lile sinki la sebuleni, maana hapo ndipo mteremko mkali unapoleta madhara ambayo watu hawayategemei. Trapu ya sinki ni ndogo, na bomba lake ni jembamba kiasi kwamba maji ya sinki lililojaa yanaweza kulijaza lote. Bomba likijaa lote kutoka trapu hadi mwisho, linageuka mrija wa kunyonya, kama ule wa kuhamisha mafuta kutoka dumu hadi dumu. Maji yanayoshuka mbele yanayavuta ya nyuma, hadi tone la mwisho la trapu. Hakuna choo kilichovutwa, hakuna mtu mwingine aliyetumia maji. Sinki limejinyonya lenyewe.

Kinachoamua ni hiki: tangu maji yanapotoka kwenye trapu hadi yanapofika kwenye hewa ya SVP, bomba lisishuke zaidi ya kipenyo chake. Likishuka ndani ya kiasi hicho, juu ya maji kunabaki nafasi ya hewa inayofika hadi kwenye trapu. Likizidi, mdomo wa bomba upande wa SVP unakuwa chini kuliko sakafu ya bomba upande wa trapu, na hewa inakatika. Hesabu ya ramani yako ni hii: mita 1.5 kwa mteremko wa 1:50 ni mshuko wa milimita 30. Bomba ni la 40. Hewa inapita. Sasa mpe fundi mteremko anaoutaka, tuseme 1:10. Mita 1.5 zitashuka milimita 150, karibu mara nne ya kipenyo. Sinki hilo litakuwa likimaliza kuteremsha maji kwa mlio mkubwa wa kufyonza, na kesho yake mtaanza kulalamikia harufu kwenye meza ya chakula.

Kuna kosa baya kuliko hilo, nalo ni la kawaida sana: fundi anaona kutoboa ukuta mita 1.5 ni usumbufu, anaweka elbo chini ya trapu na kulishusha bomba wima hadi sakafuni. Kwa macho inaonekana safi. Ila mshuko wima mara tu baada ya trapu ni mrija wa kunyonya uliokamilika. Ukiona kwenye ukuta wako bomba la sinki linakwenda chini badala ya kwenda pembeni, simamisha kazi kabla ya plasta.

Kuhusu FT sitakuchosha. Jambo moja tu lizingatie: ramani inaonyesha sinki la bafuni linaingia ubavuni mwa FT. Hilo limefanywa ili trapu ya sakafuni ipate maji kila mtu anaponawa mikono. Trapu ya sakafuni inayotegemea maji ya kuoga peke yake hukauka katika bafu la wageni, na kwenye joto la pwani haichukui muda mrefu. Fundi akilipeleka sinki moja kwa moja kwenye chemba kuokoa kipande cha bomba, atakuwa ameikatia trapu hiyo riziki yake.

Jikoni ni hadithi tofauti kidogo. Bomba la sinki linatoka nje na kumwaga kwenye GT, chini ya kichujio lakini juu ya usawa wa maji ya ndani. Mafuta ya kupikia yanapoa pale, yanaganda, na unayatoa kwa mkono mahali unapoweza kufika, badala ya kugandia ndani ya bomba la chini ya ardhi. Bomba lisimwage juu ya kichujio, kwa sababu mabaki ya chakula yatajaa pale na kuvuta panya.

Sasa namba zilizokutisha. Pembeni ya kila chemba kuna CL na IL. CL ni usawa wa mfuniko wa chemba, IL ni usawa wa chini kabisa ndani ya bomba, pale maji yanapokanyaga. Zote zinapimwa kutoka sehemu moja, na kwako sehemu hiyo ni sakafu iliyokamilika, iliyopewa namba 100.00. Ardhi ya nje iko 99.70, yaani sentimita 30 chini ya sakafu, na kiwanja chako kiko karibu tambarare. Ukichukua CL ukatoa IL unapata kina cha chemba. IC1 ina CL 99.70 na IL 99.25, kwa hiyo kina chake ni sentimita 45.

Fuata bomba kuu. Kutoka IC1 hadi IC2 ni mita 6. Gawa 6 kwa 60 unapata 0.10, kwa hiyo IL ya IC2 ni 99.15. Kutoka IC2 hadi IC3 ni mita 9, mshuko 0.15, IL ni 99.00. Kutoka IC3 hadi tangi mita 6 nyingine, mshuko 0.10, bomba linaingia tangini kwenye 98.90. Namba zako zote zinakubaliana. Nimezikagua moja moja. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, kwa sababu siku fundi akikuambia amesogeza chemba kukwepa mti wa mwembe, utajua mara moja IL mpya inatakiwa kuwa ngapi.

Kwa nini si chini ya hapo? Maji yana kasi ambayo chini yake uchafu hutuama: wasanifu hulenga kama mita 0.7 kwa sekunde. Bomba la 110 kwenye 1:60 likijaa nusu linafika karibu mita moja kwa sekunde, hivyo lina akiba. Choo kimoja hakijazi bomba nusu, ndiyo maana matawi mafupi ya vyoo vyako yameandikwa 1:40, na bomba kuu linalokusanya maji ya nyumba yote limeachiwa 1:60. Bomba lenye watumiaji wachache linahitaji msaada zaidi wa mteremko, na lile lenye maji mengi linajitegemea.

Na kwa nini si zaidi ya hapo? Utasikia mafundi wakisema mteremko ukizidi maji yatakimbia yaache uchafu nyuma. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu kinyesi husukumwa na kina cha maji yaliyo nyuma yake, na kwenye mteremko mkali maji husambaa kuwa utando mwembamba. Ila hoja hiyo hutiwa chumvi. Bomba la 1:20 lililolazwa vizuri haliwezi kuziba kwa sababu hiyo peke yake. Hoja yangu kwako ni kina. Bomba kuu lako lina mita 21 kutoka IC1 hadi tangi. Kwenye 1:60 linashuka sentimita 35. Kwenye 1:20 litashuka mita 1.05. Badala ya kuingia tangini sentimita 80 chini ya ardhi, litaingia mita moja na nusu. Tangi lote linashuka sentimita 70 zaidi, na shimo la kufyonza maji baada yake nalo linashuka. Sehemu nyingi za Kigamboni mchanga ni tele na maji ya ardhini hayako mbali, hasa baada ya masika. Chimba shimo la majaribio kabla hujaamua lolote. Shimo la kufyonza likikaa ndani ya maji ya ardhini halifyonzi; linajaa, tangi linarudisha, na siku ya mvua kubwa maji taka yanatokea kwenye FT ya bafu lako. Hapo utakuwa umelipa pesa zaidi ya kuchimba ili upate mfumo mbovu zaidi.

Kuna jingine kuhusu mwisho wa bomba. Ndani ya tangi, mafuta na povu zito huelea juu, tope hutua chini, na katikati kunabaki maji yaliyotulia ambayo ndiyo yanaruhusiwa kutoka. Maji yakiingia kwa kasi yanavuruga tabaka hizo, na tope linasafiri hadi shimo la kufyonza na kuliua. Kwa hiyo mahali ambapo ardhi inalazimisha bomba kuwa kali, utaratibu ni kulilaza pole, 1:50 au chini ya hapo, kwa mita 12 za mwisho kabla ya tangi. Kwako mteremko wa bomba zima tayari ni mpole, hivyo huhitaji mbinu hiyo. Kwenye mchoro mdogo wa tangi utaona bomba linaingia kwenye tii iliyosimama: mguu wa chini unazama kupita lile povu, na mdomo wa juu uko wazi. Mdomo huo wa juu usizibwe kwa sementi. Ndipo gesi ya tangi inapoingilia kurudi kwenye SVP yako.

Chemba nazo zina mantiki yake. Utaona ipo moja kila bomba linapopinda au kukutana na jingine, kwa sababu fimbo ya kuzibulia haipindi kona chini ya ardhi. Tawi linapoingia kwenye bomba kuu lichorwe, na lijengwe, likielekea upande maji yanakokwenda, kwa kiungo cha umbo la Y. Tii ya moja kwa moja inapeleka uchafu ukagonge ukuta wa pili na kurudi juu. Ndani ya chemba, kingo za sementi pembeni ya mfereji ziwe na mteremko kuelekea mfereji. Chemba yenye sakafu bapa inaweka uchafu pembeni, unakauka, unarundikana.

Siku ya kulaza mabomba uwepo saiti. Huhitaji kifaa cha bei kubwa. Chukua pimamaji ya mita 1.2 na kipande cha mbao kilichokatwa unene wa milimita 20 kamili. Gundisha kipande hicho chini ya ncha ya pimamaji inayoelekea tangini. Laza pimamaji juu ya bomba: kiputo kikikaa katikati, bomba liko kwenye 1:60, kwa sababu milimita 1,200 gawanya kwa 60 ni 20. Kwa matawi ya 1:40 tumia kipande cha milimita 30. Pima kila bomba, usipime ncha mbili tu, kwa sababu bomba linaweza kuwa sahihi mwanzo na mwisho huku katikati limebonyea. Mahali palipobonyea patajaa maji daima, na ndipo patakapoziba. Kisha thibitisha IL za chemba kwa mpira wa maji kutoka alama ya sakafu uliyoichora ukutani. Bomba lilale juu ya mchanga uliosawazishwa kwa urefu wake wote. Fundi akiweka mawe chini ya soketi ili "kulinyanyua", litakaa kama daraja na kubonyea udongo ukirudishwa.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji, subiri nusu saa. Usawa ukishuka, tafuta kiungo kinachovuja kabla mchanga haujakificha.

Baada ya vyoo kufungwa, mwagia ndoo ya maji kwenye kila trapu, kisha fanya jaribio hili mwenyewe. Washa tochi, angalia ndani ya FT ya bafu kubwa, mtu avute maji WC1. Maji ya trapu yakitikisika kidogo na kurudi, mfumo unapumua. Yakishuka kwa haraka au ukasikia mlio wa kufyonza, hewa inakosekana upande wa juu: SVP imezibwa, imeishia darini, au imewekwa nyembamba. Yakipanda na kutoa mapovu kuelekea kwako, tatizo liko mbele, hewa inasukumwa na kukosa pa kutokea, na mara nyingi utakuta chemba imejaa au kuna kifusi cha sementi ndani ya bomba. Jaza sinki la sebuleni hadi juu, lizibue, sikiliza mwisho wake. Likimaliza kwa mfyonzo mrefu, fungua trapu yake uone maji yaliyobaki. Kama ni haba, bomba la ukutani lina mshuko zaidi kuliko ramani ilivyosema.

Harufu nayo ina namna ya kusomeka mtakapohamia. Ikija mara tu baada ya mtu kuvuta choo, ni suala la hewa. Ikija mkirudi safari na kuisha baada ya kumwaga ndoo ya maji, trapu ilikauka tu. Ikiwa haikomi hata trapu zote zikiwa na maji, kuna kiungo kilichoachia, na cha kwanza kukagua ni pale choo kinapokaa kwenye bomba la sakafuni. Lakini ikitokea harufu inatoka upande wa tangi, asiingie mtu humo kuchungulia, hata kwa dakika moja, hata likiwa limenyonywa. Gesi ile ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla haijamwangusha mtu.

Mwambie fundi SVP inabaki, bomba la sinki la sebuleni linapita ukutani kama lilivyochorwa, na mteremko ni wa ramani. Akisogeza chemba yoyote, akuandikie umbali mpya kabla hajachimba, na wewe ugawe kwa 60.